Rosta ya Kuzunguka Kiwandani: Tangazo Lisomeke Vipi

BAKARI: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Bakari, niko na dada Somoe, na tunarekodi hapa Shangani, Mtwara. Leo tuna karatasi mezani. Msikilizaji wetu mmoja, afisa utumishi wa kiwanda cha kubangua korosho, ametutumia rasimu ya tangazo la wafanyakazi. Wanaacha zamu za kudumu, wanaingia kwenye rosta ya kuzunguka. Anaomba tuipitie kabla hajaibandika ubaoni.

SOMOE: Na nampongeza kwa kuileta kabla. Karatasi ya namna hii ikishabandikwa, kila neno linakuwa ahadi. Isome, mdogo wangu.

BAKARI: "Wafanyakazi wote wa idara ya mvuke, tanuri na kumenya mnatangaziwa kuwa, kwa ajili ya kuongeza ufanisi, uongozi umeamua zamu za kudumu zisitishwe na badala yake itumike rosta ya kuzunguka kuanzia Jumatatu ijayo. Makundi yatakuwa manne. Kila kundi litafanya siku mbili asubuhi, siku mbili mchana, siku mbili usiku, na kupumzika siku mbili. Ushirikiano wenu unatarajiwa." Basi, imeishia hapo.

SOMOE: Mpangilio wenyewe si mbaya, tutaufikia. Kinachonisumbua ni hiyo sababu, "kuongeza ufanisi". Mama anayekaa Mikindani, mwenye miaka yake zamu ya asubuhi, akisoma maneno hayo ataelewa nini? Ataelewa kwamba kuna mtu amechongewa.

BAKARI: Na kwenye barua aliyoambatanisha ametueleza sababu halisi, tena sababu nzuri. Kwanza, kiwanda kinasimama kila Jumapili. Boila inazimwa, Jumatatu inawashwa upya, na boila huwezi kuipandisha presha kwa haraka, lazima ipate moto taratibu. Wanaobangua wanakaa wanasubiri korosho iliyopigwa mvuke. Pili, mafundi wazoefu wa tanuri wote wako asubuhi. Usiku wako wageni watupu.

SOMOE: Hiyo ya pili ielezee vizuri, wewe ndiye msimamizi wa zamu.

BAKARI: Korosho ikishabanguliwa, punje inaingia tanurini ikauke, ili lile ganda laini jekundu liachie. Ukiitoa mapema, ganda linang'ang'ania, mmenyaji anakwangua kwa kisu na punje inakatika. Ukiichelewesha, inaungua rangi, na kwenye kupanga madaraja inashuka bei. Fundi mzoefu anachukua punje chache kwenye trei ya juu na trei ya chini, anazifikicha kwa vidole, anajua kama bado. Na trei anazibadilisha nafasi, kwa sababu joto halifiki sawa kila pembe. Ujuzi huo haupatikani kwa kusoma maelekezo ukutani. Unaupata ukisimama karibu na anayejua. Zamu zikiwa za kudumu, kijana wa usiku hasimami naye hata siku moja.

SOMOE: Basi hayo maneno yako ndiyo yaandikwe. "Tanuri la usiku linaharibu punje kwa sababu wenye ujuzi wote wako asubuhi, tunataka kila kundi liwe na fundi wake mzoefu." Mtu akisoma hivyo anaweza kukubali, na anaweza kupinga kwa hoja. Mmoja anaweza kusema, basi hamisheni mafundi wawili tu. Ni swali la haki, na uongozi uwe na jibu lake.

BAKARI: Jibu ni Jumapili. Makundi manne yakizunguka, kiwanda hakisimami Jumapili na boila haizimwi. Kuhamisha mafundi wawili hakuondoi tatizo hilo la boila.

SOMOE: Sawa. Tuje kwenye mzunguko. Zamu za hapo ni saa 12 asubuhi mpaka saa 8 mchana, saa 8 mchana mpaka saa 4 usiku, na saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate angalau saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Kwa mzunguko wa asubuhi, mchana, usiku, hakuna tatizo. Ukitoka asubuhi ya pili saa 8 mchana, unarudi kesho yake saa 8 mchana. Umepata saa 24. Ila ukiugeuza uende kinyumenyume, usiku, mchana, asubuhi, mtu anatoka saa 12 asubuhi na siku hiyo hiyo saa 8 mchana anatakiwa kazini. Zimebaki saa 8, na humo kuna usafiri, kuoga, kula.

BAKARI: Na hata huu wa kwenda mbele unavunjika watu wakibadilishana zamu. Hilo naliona sana. Mtu ametoka saa 4 usiku, rafiki yake ana msiba, anamwambia nishikie asubuhi. Saa 12 yumo ndani, amelala kidogo sana, na yuko jirani na mvuke.

SOMOE: Kwa hiyo tangazo liseme: kubadilishana kunaruhusiwa, lakini msimamizi asaini kwanza, naye aangalie saa ya kutoka na saa ya kuingia ya wote wawili. Zikipungua 12, hapana. Mwenye msiba atafutiwe mtu wa kundi lililo kwenye mapumziko.

BAKARI: Hapo kwenye mapumziko kuna manung'uniko mengine. Zile siku mbili, ya kwanza unatoka kazini saa 12 asubuhi. Nusu yake unalala.

SOMOE: Ndiyo, tusiwadanganye watu. Kuanzia saa 12 hiyo asubuhi mpaka utakaporudi ni saa 48, sheria inataka 24 kwa wiki, kwa hiyo kisheria imepita. Lakini siku kamili ya shughuli zako ni moja. Na jingine: mzunguko ni wa siku 8, wiki ni siku 7. Siku ya mapumziko inahama. Mwenye kanisa atapata Jumapili mbili zinazofuatana, kisha Jumapili sita anakuwa na zamu, nyingine za usiku. Ijumaa ni vile vile. Liandikwe, ili mwanakwaya ajipange mapema.

BAKARI: Na zamu ya mchana wampe mtu mapumziko yake saa 12 jioni, apate Magharibi, na Ramadhani apate kufuturu. Sheria inataka saa nzima ya mapumziko ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, kwa hiyo ipo, ni kuipanga tu.

SOMOE: Hiyo saa ina maana yake kwenye hesabu. Zamu ya saa 8 ukitoa saa ya mapumziko inabaki kazi ya saa 7. Zamu sita ni saa 42, chini ya kikomo cha 45 kwa wiki. Lakini mtazamaji wa boila ambaye haruhusiwi kuondoka pale, anakula huku anatazama geji, huyo hajapumzika. Saa zake zinakuwa 8, zamu sita ni 48, na tatu zinazozidi ni ovataimu, malipo yake si chini ya mara moja na nusu. Ama awekewe mtu wa kumpokea kwenye chakula. Wengi hawaoni jambo hili mpaka shauri lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

BAKARI: Sasa pesa, dada. Hapo ndipo rasimu imenyamaza kabisa.

SOMOE: Imenyamaza, na inaniuma. Kisheria usiku unaanza saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Tuseme msingi wa saa moja ni shilingi 2,000, nyongeza ni shilingi 100 kwa saa. Mtu wa usiku wa kudumu, saa 7 kila usiku, anapata 700. Kwa siku sita ni 4,200 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 16,800. Akiingia kwenye kuzunguka, ndani ya siku 8 ana usiku mbili tu, 1,400.

BAKARI: Na zamu mbili za mchana. Kuanzia saa 2 mpaka saa 4 usiku nazo ni saa za usiku.

SOMOE: Umesema vyema, hizo husahaulika. Saa mbili mara zamu mbili ni 400. Jumla 1,800 kwa mzunguko. Wiki nne zina mizunguko mitatu na nusu, 6,300. Amepoteza 10,500. Wa asubuhi alikuwa hana kitu, sasa anapata hizo 6,300. Tangazo liseme wazi nani anapanda na nani anashuka. Kwa wale wa usiku mimi ningependekeza kiwanda kiwafidie tofauti kwa miezi miwili mitatu. Sheria haiwalazimishi, lakini kuna mtu ada ya mtoto anailipa kwa pesa hiyo.

BAKARI: Kuna kubwa kuliko hilo. Wamenyaji wanaolipwa kwa siku. Sasa hivi ni siku 6 kwa wiki, wiki nne siku 24. Kwenye kuzunguka ni zamu 6 kila siku 8, yaani wiki nne ni zamu 21. Siku tatu zimeondoka mfukoni mwao, na hakuna aliyewaambia.

SOMOE: Na bila kuajiri, kila zamu inapungukiwa watu. Barua inasema wako 48. Makundi matatu, 16 kila zamu. Makundi manne, 12 kila zamu, tanuri ni lile lile. Uongozi useme: wataongeza watu, au watapunguza mzigo wa kila zamu? Na hao wanaolipwa kwa siku, ama kima chao kipandishwe wasishuke, ama wabaki nje ya rosta. Bila jibu la hili mimi nisingebandika.

BAKARI: Halafu "kuanzia Jumatatu ijayo".

SOMOE: Hapana. Saa za kazi zimo kwenye maelezo ya ajira ya maandishi ya kila mtu. Zikibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maelezo yale, ampe taarifa kwa maandishi. Kwa hiyo karatasi ya kwanza iwe ya mwito wa kikao, pamoja na viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, na rosta ya majaribio iwe imeambatanishwa kwa majina, mizunguko miwili mizima, kila mtu aweke kidole kwenye jina lake aone Jumamosi fulani yuko wapi. Tarehe ya kuanza ije baada ya kikao, mwezi mmoja mbele.

BAKARI: Na wasiopangwa usiku?

SOMOE: Watajwe. Mjamzito, kuanzia miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Aliyejifungua, miezi miwili baada ya kujifungua. Na yeyote mwenye cheti kwamba afya yake hairuhusu. Waambiwe wampelekee nani cheti, kwa siri, si kukitoa mbele ya foleni ya getini.

BAKARI: Mimi naongeza usafiri. Zamu inatoka saa 4 usiku, mama wa Mikindani au Naliendele anapanda nini? Bodaboda ya usiku inakula ile nyongeza yote na zaidi.

SOMOE: Liandikwe gari, na litaondoka getini saa ngapi. Kama hakuna gari, basi zamu ya mchana ianze na kwisha mapema kidogo, na zile nyingine zisogezwe. Hilo linawezekana, wakalijadili kikaoni.

BAKARI: Msikilizaji wetu, tunakurudishia rasimu yako ikiwa na haya pembeni kwa kalamu. Ukishafanya kikao, tuandikie wamenyaji walisemaje kuhusu zile siku tatu.