Tofauti iko kwenye fuwele, haiko kwenye mmumunyo

Nianze na swali ninalouliza kila nikisimama kuongelea jinsi ya kutenganisha molekuli zilizo vioo vya kila mmoja, R na S, kwa kutumia fuwele. Una asidi ya kaboksili ya rasemi, nusu R nusu S, umeweka amini kairali ya upande mmoja tu, tuseme S, umepata chumvi mbili ambazo zenyewe si vioo vya kila mmoja, ndo zinaitwa diastereoma. Kwa nini zinatenganishika? Jibu ninalopewa ni lilelile: "kwa sababu ni diastereoma, na diastereoma zina tabia tofauti." Sawa, halina kosa, ila halielezi chochote. Tofauti kwa sababu gani, na tofauti hiyo inakaa wapi? Mtu asiyejua inakaa wapi akifika maabara anahangaika, anabadilisha amini, anabadilisha kiyeyushi, anapoza haraka, hajui anatafuta nini.

Basi tushike kesi moja twende nayo mpaka mwisho, ibuprofeni. Ile ya kawaida ni rasemi, na ya S ndo inayofanya kazi ya kuzuia maumivu. Amini yetu ni S-1-fenilethilamini, inauzwa ikiwa upande mmoja safi, ni kimiminika, haina makuu.

Sasa fikiria umeyeyusha hizo chumvi mbili kwenye maji. Kuna nini humo ndani? Watu wengi kichwani wanaona "molekuli" ya chumvi, asidi imeshikana na amini, zinaogelea pamoja. Hapana jamani. Asidi imeshampa amini protoni yake, na kwenye maji ayoni zinaachana, kila moja inazungukwa na maji. Kwa hiyo humo kuna ayoni za asidi R, ayoni za asidi S na ayoni za amini S, basi. Ayoni ya R na ya S zikiwa zimeachana na amini ni vioo vya kila mmoja, nishati ileile, kila kitu kilekile. Ukipima mmumunyo mwepesi wa namna hiyo kwenye NMR, R na S zinatoa mistari ileile, maana hakuna kilichobaki cha kuzitofautisha.

Ndo maana ule mfano wa mkono na glavu unanikera, si kwamba ni wa uongo, ila unamfanya mwanafunzi aamini kwamba amini inachagua asidi ya kushikana nayo kwenye mmumunyo. Haichagui! Inampokea protoni wa R na wa S bila upendeleo wowote wa maana. Mchujo wote unafanyika pale fuwele inapojengwa.

Kwenye fuwele mambo ni mengine kabisa. Kichwa cha amini kina haidrojeni tatu juu ya nitrojeni, kila moja inatafuta oksijeni ya kaboksili ya kushika, kwa hiyo chumvi za namna hii mara nyingi zinajipanga kama nguzo ndefu, katikati kuna bondi za haidrojeni za ayoni, pembeni kumetokeza sehemu za mafuta, yaani pete za benzini na mikia ya kaboni. Nguzo hizo inabidi zilale pamoja bila kuacha nafasi tupu. Hapo sasa ndo umbo linaongea. Ukibadilisha S kuwa R kwenye asidi huku amini imebaki S, huwezi kuweka kila kundi palepale lilipokuwa, kitu kimoja lazima kisogee, ama bondi za haidrojeni zipinde ama pete zisilale vizuri. Kioo cha chumvi ya S,S, yaani asidi S na amini S, ni R,R, siyo R,S. Kwa hiyo hakuna sheria yoyote inayozilazimisha fuwele za S,S na R,S ziwe na nishati sawa, na kwa kawaida haziwi sawa.

Tofauti hiyo si lazima iwe kubwa. Kwenye mmumunyo hali ni moja, kwa hiyo tofauti yote ya umumunyifu inatoka kwenye fuwele. Ukitaka zao la umumunyifu la chumvi moja liwe mara kumi ya nyingine kwenye nyuzi 25, unahitaji kama kilojuli 5.7 kwa moli, kitu kidogo kuliko bondi moja ya kawaida ya haidrojeni. Hapa utaona pia kwa nini huwezi kukaa mezani ukatabiri amini ipi itafaa. Kilojuli tano ndani ya fuwele hazionekani kwa kuangalia mchoro, ndo maana watu wanajaribu amini kadhaa kwenye vichupa vidogo, na hiyo ni njia halali kabisa.

Kuna anayesema, mbona basi nisiipitishe hiyo chumvi kwenye kolamu ya silika, si ni diastereoma? Ukiipitisha, silika itashika amini kwa nguvu yake na asidi kwa nguvu yake, zitaachana njiani, na asidi itakayotoka ni rasemi kama ilivyoingia. Kolamu ya silika inafaa ukitengeneza amaidi, pale asidi na amini zimefungwa kwa bondi ya kudumu, lakini sasa uje uivunje hiyo amaidi, na asidi kali na moto mrefu vinaweza kuirudisha kazi yako kwenye rasemi. Chumvi unaivunja kwa asidi kidogo tu, dakika chache. Niongeze mpaka wa yale niliyosema juu ya ayoni kuachana: kwenye viyeyushi visivyopenda ayoni kama klorofomu, asidi na amini hukaa jozi, na hapo NMR inaweza kuona tofauti. Lakini huko ni kupima, siyo kutenganisha.

Haya, twende mezani. Gramu 10 za ibuprofeni ya rasemi ni milimoli 48.5, kwa hiyo S iliyomo ni milimoli 24 na kitu, gramu 5. Amini unaweka nusu tu, milimoli 24.2, ambayo ni gramu 2.9 au mililita 3.1 hivi. Nusu nyingine ya asidi unaipa KOH, milimoli zilezile 24.2, gramu 1.36 ikiwa safi, ila vidonge vya KOH vina maji ndani, kama asilimia 85 ndo KOH yenyewe, kwa hiyo pima 1.6.

Kwa nini nusu? Wazo hili Pope na Peachey walilitoa 1899 na bado watu wanalipuuza. Ukiweka amini kamili, R nayo inapata mwenzake wa kutengeneza fuwele, na mmumunyo ukishiba chumvi zote mbili zinaanguka pamoja. Ukiweka nusu, amini yote inaishia kwenye fuwele ya S,S, ambayo ndo isiyoyeyuka kirahisi, R inabaki na potasiamu, na chumvi ya potasiamu inayeyuka kwenye maji vizuri sana, haina haja ya kuanguka. Na umeokoa nusu ya amini.

Weka asidi na KOH kwenye maji, mililita 60 zinatosha, pasha moto mpaka nyuzi 80 hivi. Utaona mafuta yanaelea, usishtuke, ni ibuprofeni isiyopata KOH, rasemi inayeyuka nyuzi 75 hadi 78 kwa hiyo humo ni kimiminika, matone ya sabuni ya maji yanasaidia kuyatawanya. Halafu amini tone kwa tone huku unakoroga. Inaanza ukungu, halafu unga mweupe, halafu uji mzito. Hapa ndo watu wanaharibu: wanaona mweupe wanafurahi, wanakimbilia barafu. Fuwele za kwanza zinazoanguka haraka zimebeba R nyingi, zimenasa chochote kilichopita. Ziache kwenye joto hilohilo zikorogwe saa moja mbili, zile mbovu ziyeyuke na nzuri zikue, R irudi majini na S ichukue nafasi yake. Ndo maana nilisisitiza fuwele, ukielewa kwamba mchujo ni wa fuwele utaelewa kwa nini muda ni dawa.

Chuja, osha na maji baridi kidogo. S,S ikitoka yote ni gramu 7.9, na ukipata zaidi ya hapo ikiwa imekauka usishangilie, una R ndani. Yeyusha upya kwenye 2-propanoli ya moto, acha ipoe polepole, chuja tena. Kisha asidi ya salfuriki nyepesi, amini inabaki majini kama salfeti (itunze, ipe KOH utaipata tena), ibuprofeni inatoka kama mafuta, ivute na etha.

Kupima. Usipime mzunguko wa mwanga wa chumvi yenyewe, amini nayo inazungusha, namba utakayopata haikuambii lolote kuhusu asidi. Pima asidi iliyoachwa huru, kwenye ethanoli. S safi iko karibu na +57, sasa tuseme umepata +43, gawanya, ni asilimia 75 ya ziada ya S juu ya R, yaani S 87.5 na R 12.5. Rudi kwenye 2-propanoli. Na jambo moja linalowachanganya wengi: S safi inayeyuka nyuzi 50 hadi 53, chini ya rasemi. Ukiona yako inayeyuka 70 ukadhani imesafika, ndo kwanza umekaa karibu na rasemi. Kwa sababu hiyohiyo usipime kipande kimoja cha fuwele ulichochokonoa kwenye chupa, fuwele za asidi ya rasemi zinaweza kuwa zimejitenga pale, changanya yote ndo uchukue sampuli.

Muda unaniishia, nipite haraka. Ikitoka mafuta badala ya fuwele, hakuna mchujo kabisa, badilisha kiyeyushi au tia mbegu ya chumvi safi. Ukiyeyusha na kuchuja tena na tena usafi haupandi, chumvi mbili zinaweza kuwa zinaingia kwenye fuwele moja, ama zimechanganyika ovyo ama zimefanya chumvi mseto, na hapo kurudia hakusaidii, tafuta amini nyingine. Na yale maji ya kwanza uliyochuja msiyamwage, yana R karibu yote: ukiiweka asidi hiyo kwenye besi kali na moto, haidrojeni iliyo kwenye kaboni jirani na kaboksili inatoka na kurudi upande wowote, unapata rasemi upya, unaanza tena na gramu zako zile.