Neno Moja au Mawili: "Maybe" na "May Be", "Into" na "In To"

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, makarani wa ofisi za bandarini, wazazi na vijana mliofika, Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mwenye kuandika Kiingereza hapa Mombasa limewahi kumsimamisha kalamu mkononi: je, "maybe" ni neno moja au mawili, na je, "into" huandikwa pamoja au hutenganishwa? Jibu ni kwamba yote manne ni sahihi, ila kila moja lina kazi yake, na kazi hiyo haitambuliki kwa sikio. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kutoitambua. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tukitamka "maybe" na "may be" tunazitamka vilevile, na "into" na "in to" vilevile. Anayeandika kwa kufuata anavyosikia atakuwa anabahatisha. Wala kompyuta inayosahihisha tahajia haiwezi kumwokoa, maana kila moja ya maandishi hayo manne imo katika kamusi yake na haipigiwi mstari mwekundu.

Nianze na "maybe", kwa sababu hili ni jepesi. Asili yake ni kirai cha Kiingereza cha Enzi za Kati kilichomaanisha "yawezekana ikawa", na kwa kutumiwa sana kikakatwa kikawa kielezi kimoja chenye maana ya "labda". Kielezi si kitenzi, na hapo ndipo penye siri yote. "May be" bado ni vitenzi viwili vilivyosimama bega kwa bega: "may" ni kisaidizi, nacho "be" ndicho "kuwa". Karani akiandika "The container maybe at Kilindini", sentensi yake haina kitenzi hata kimoja; ni sawa na kusema "Kontena labda Kilindini". Akitenganisha, "The container may be at Kilindini", kitenzi kinapatikana na sentensi inasimama. Na akitaka kutumia kielezi, basi lazima alete kitenzi kingine: "Maybe the container is at Kilindini."

Njia ya kuhakikisha ni kujaribu kuingiza "not" katikati. "The container may not be at Kilindini" inakubalika, kwa hiyo ni maneno mawili. Lakini katika "Maybe the container is at Kilindini" huwezi kuipasua "maybe" ukaweka "not" ndani yake, kwa hiyo ni neno moja.

Hapa niombe radhi kwa walimu wenzangu, kwa sababu iko kanuni inayofundishwa madarasani ambayo ningependa tuiache. Watoto huambiwa kwamba neno likija mwanzoni mwa sentensi huandikwa "maybe", na likija katikati huandikwa "may be". Kanuni hii hufaulu mara nyingi, na kwa sababu hiyo huaminiwa kuliko inavyostahili. Chukua sentensi hii: "There were maybe thirty passengers in the matatu." Neno liko katikati, lakini kitenzi "were" kimeshapatikana, kwa hiyo "maybe" ni kielezi cha kukadiria na huandikwa pamoja. Halafu geuza pakiti ya dawa usome maelezo yake, na unaweza kukuta "May be taken with or without food". Hapo "may be" imekuja mwanzoni kabisa, na bado ni maneno mawili, kwa kuwa kiima, yaani dawa yenyewe, kimeachwa tu kwa ufupi wa maelezo. Mwulize mwanafunzi kama sentensi ina kitenzi kingine. Neno limekaa wapi si hoja.

Sasa tuje kwenye "into" na "in to", ambako mambo yana kina zaidi.

"Into" ni kihusishi kimoja, nacho ni cha zamani sana, kwani hata Kiingereza cha Kale kilikuwa nacho. Huonyesha mwendo wa kutoka nje kwenda ndani, kama katika "She went into the office", na kutokana na maana hiyo huonyesha pia mgeuko, kama maji yanapogeuka barafu, "The water turned into ice", au kugongana, "The lorry ran into the wall". Lakini "in to" si kitu kimoja. Ni maneno mawili yaliyokutana njiani tu, kila moja likiwa na mwenyewe: "in" ni mali ya kitenzi kilichotangulia, na "to" ni mali ya kinachofuata. Anayeandika ana swali moja la kujiuliza, nalo ni "in" hii ni ya nani.

Tuchukue tangazo la aina inayobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shule: "Parents must hand the forms into the secretary before they go into see the headteacher." Mwandishi amekusudia kusema kwamba wazazi wakabidhi fomu kwa katibu kabla hawajaingia kumwona mwalimu mkuu. Amekosea mara mbili, na kila kosa lina sababu yake.

Kosa la kwanza liko kwenye "hand". Kukabidhi fomu au kazi ya darasa kwa Kiingereza ni "hand in", na hiyo "in" ni kiungo cha kitenzi chenyewe, huwezi kuing'oa. Tukiiunganisha na "to", tumekinyang'anya kitenzi kiungo chake, na katibu amegeuka chombo ambacho fomu zinatiwa ndani yake. Jaribu kukata sentensi baada ya "in": "Parents must hand the forms in." Imesimama yenyewe na maana haijabadilika. Jaribu tena kuingiza neno katikati: "hand the forms in early to the secretary". Nayo imekubali. Basi ni maneno mawili. Lakini kama tangazo lingewataka wazazi waziweke fomu katika kisanduku, ingekuwa "put the forms into the box", na hapo huwezi kupenyeza "early" kati ya "in" na "to", kwa sababu kisanduku ndicho kinachoingiwa na kihusishi ni kimoja.

Kosa la pili liko kwenye "go into see". Hapa "to" inaongoza kitenzi "see", yaani ni ile "to" ya kusudio, ambayo sisi tungesema "ili wamwone" au "kumwona". Kwa jambo hili kanuni ni ngumu kama chuma: kikifuata kitenzi katika umbo lake la msingi, kamwe usiandike "into". Ni "go in to see", "came in to sign", "ran in to tell us". Wala msichanganye hili na kitenzi chenye "-ing", kwa sababu huko "into" inaruhusiwa na ina maana nyingine kabisa. "He came in to sign" ni mtu aliyeingia kutia sahihi kwa hiari yake. "They talked him into signing" ni mtu aliyeshawishiwa mpaka akatia, na katika kesi ya ardhi tofauti hiyo si ndogo.

Tangazo letu, basi, lisomeke: "Parents must hand the forms in to the secretary before they go in to see the headteacher." Lingeishia kwenye mlango bila kutaja shughuli, lingekuwa "before they go into the office".

Mfano maarufu zaidi ni wa mshukiwa aliyejisalimisha kwa polisi. Kujisalimisha ni "turn oneself in", kwa hiyo huandikwa "The suspect turned himself in to the police." Ukiandika "into the police", msomaji makini atadhani mshukiwa amejigeuza polisi, na hiyo ni habari ya kupelekwa kwa mganga, si gazetini.

Hata hivyo nisiwadanganye kwamba jaribio la kukata sentensi hutosha daima. Vitenzi vya mwendo hulishinda. "She walked into the hall" ukiikata baada ya "in" unapata "She walked in", sentensi kamili isiyo na kasoro, na hali tunajua kwamba "into" hapo ndiyo sahihi. Kwa vitenzi kama hivi tazama kinachofuata. Kikiwa ni mahali panapoingiwa, ukumbi, gari, maji, au kitu kinachogongwa kama ule ukuta wa lori, andika pamoja. Kikiwa ni kitu kingine, tenganisha. Ndiyo maana watu waliokuwa barazani wakaitwa kula "went in to lunch": wameingia nyumbani, na chakula ndicho walichokiendea.

Niongeze jambo linalotuhusu sisi hasa. Kitenzi chetu "kuingia" kimebeba mwendo na ndani kwa pamoja, kwa hiyo hatuhitaji kihusishi: tunasema "aliingia nyumbani". Kiingereza nacho kina "enter", ambacho hufanya vivyo hivyo, lakini kwa mazoea ya "go into" watu huandika "He entered into the house". Huko ni kuingia mara mbili. Sema "entered the house", na "enter into" uiwekee mikataba na mazungumzo.

Mtauliza kuhusu kompyuta na simu. "Log in" ni kitenzi chenye kiungo, sawa na "hand in", kwa hiyo kwa kanuni tuliyoieleza ni "log in to your account". Mtakutana na "log into" mara nyingi, hata katika programu za makampuni makubwa, kwa sababu akaunti inafikirika kama chumba kinachoingiwa. Mimi katika barua rasmi huandika "log in to", lakini simkati maksi mwanafunzi aliyeunganisha.

Na mwisho "onto" na "on to", ambazo ni ndugu zao. Fikirini safari ya kwenda pwani ya kusini: "We drove onto the Likoni ferry, and then drove on to Ukunda." Ya kwanza ni kupanda juu ya feri, ya pili ni kuendelea na safari hadi Ukunda, na "on" hapo ni ya kitenzi. Tofauti ni kwamba Waingereza wengi kwa desturi huandika "on to" hata katika ile ya kwanza, na wahariri wao huwaachia, ilhali kwa "into" uhuru huo haupo.