Sifuri Haikai Konani

Nyinyi wa Kariobangi mnaocheka mnajua nitaanzia wapi: konani. Fundi akifunga chuma kwenye jiliwa la mashine ya CNC, mkono unakimbilia kona ya kushoto, anaweka sifuri ya X na Y hapo, pale mashine inapoanzia kuhesabu, basi. Nani alisema kona ni sehemu ya kazi? Ile ni mahali msumeno ulipopita.

Chukua nyumba ya beringi 6205 ya kinu cha kusaga. Bamba la mraba, milimita 120. Katikati kuna kiti cha beringi, kipenyo 52, kina 15, na chini yake tundu la 28 la kupitisha shafti. Bolti nne za M8 zinapita kwenye matundu ya 9, kila moja milimita 45 kutoka katikati kwa X na kwa Y. Vichwa vya bolti vinazama upande wa nyuma, kwa hiyo lazima bamba ligeuzwe.

Bamba ulilouziwa lina upana wa 121.4. Upande wa kwanza umechonga kiti milimita 60 kutoka kizuizi cha kushoto. Ukigeuza, ukingo uliokuwa kulia ndio unaogusa kizuizi, na kutoka hapo katikati ya kiti ni 61.4. Programu haijui. Inatoboa kuzunguka 60, na bolti zote nne zinahama 1.4. Tundu la 9 linaruhusu bolti ya M8 kusogea nusu milimita tu kila upande. Utaona fundi ameshika tupa anapanua matundu, kisha analaumu beringi.

Kujua kabla ya kufunga ni rahisi. Pima nyama kati ya ukingo wa kiti na ukingo wa kila tundu la bolti. Zote nne zinatakiwa ziwe 33.1. Ukipata mbili 34.1 na mbili 32.2, kona imekudanganya.

Sifuri ni pale shafti inapopita. Kwenye mshiko wa kwanza gawanya bamba katikati, chonga tundu la 52 na la 28 bila kulegeza jiliwa. Ukigeuza, kiti kimeangalia chini, hukifikii. Zungusha geji ya saa ndani ya tundu la 28, sogeza meza mpaka mshale utulie, kisha weka sifuri ya kazi, `G54`, hapo:

```
G54
G0 X45 Y45
```

"Lakini kona ni haraka!" Haraka kwa nani? Geji inachukua dakika tano. Bamba jipya linachukua asubuhi nzima. Kona itumie kama kingo zimeshachongwa na mchoro wenyewe unapima kutoka hapo, sawa, sibishi.

Z, upesi, naona saa. Sifuri yake ni uso unaokaa kwenye mwili wa kinu, si ule wa juu wenye kutu. Ukigeuza, uso huohuo umelalia vyuma vya kuinulia, kwa hiyo gusa vyuma hivyo. Na kama matundu yako hayalingani kushoto na kulia, kugeuza kunabadilisha alama ya X. Hilo lina mchoro wake, nitauchora ubaoni tukirudi kutoka chai.