Jinsi ya kuandika matokeo ya kujifunza yanayopimika: mada moja, jiwe moja, silinda moja

Mwalimu mwenzangu, karibu. Leo tunachukua mada moja tu ya Fizikia, densiti, tuiandikie matokeo ya kujifunza yanayopimika. Ukipenda yaite malengo mahususi, nami sitagombana nawe. Kisha tutayaoanisha na maswali ya kupima na shughuli za darasani. Chukua karatasi, chora mistari miwili ya wima upate safu tatu. Safu ya kwanza andika Tokeo, ya pili Ushahidi, ya tatu Shughuli. Ndiyo, ushahidi unatangulia shughuli. Sababu utaiona tukifika huko.

Kwanza nikusimulie kilichonifanya niache kuandika malengo kwa mazoea. Mwaka mmoja nilifundisha densiti vipindi vinne, na kwenye andalio la somo niliandika hivi: "Mwanafunzi aelewe dhana ya densiti." Nikatoa jaribio la maandishi, nikauliza densiti ni nini. Karibu darasa zima likajibu: ni tungamo la kitu kwa kila kizio cha ujazo wake. Nikasahihisha huku nikitabasamu. Wiki iliyofuata nikaleta mawe, mizani na silinda za kupimia. Kikundi kimoja kikapima jiwe, gramu 54. Kikamimina maji hadi alama ya 40, kikatumbukiza jiwe, maji yakapanda hadi 60. Kikaandika ujazo ni 60, kikagawanya 54 kwa 60, kikapata 0.9. Jiwe limetulia chini ya silinda wanalitazama, na hakuna aliyeshtuka kwamba kitu chenye densiti ndogo kuliko ya maji kisingezama.

Wanafunzi wale hawakuwa wazembe. Mimi ndiye niliyewapima kwa kitu kimoja na kuwatarajia wafanye kingine. Jiwe hilo la gramu 54 tutakwenda nalo hadi mwisho.

Hatua ya kwanza: shughulikia kitenzi. Chukua ile sentensi yangu, "aelewe dhana ya densiti", ujiulize: kama mwanafunzi ameelewa, nitamwona akifanya nini? Au ataniachia nini mezani nikishike na kukisahihisha? Kuelewa, kujua, kufahamu, kuthamini, yote hayo hutokea ndani ya kichwa. Nani atabisha mwanafunzi akisema ameelewa? Weka kitenzi ambacho jicho linakiona: kupima, kukokotoa, kuchora, kulinganisha, kutabiri, kusahihisha.

Usiandike vitenzi viwili kwenye tokeo moja. "Mwanafunzi aweze kupima na kueleza densiti" inaonekana imekamilika, lakini atakuja mtoto anayepima vizuri na hawezi kueleza. Huyo utamwandikia nini? Gawanya, yawe matokeo mawili.

Na jihadhari na sentensi inayojifanya tokeo kumbe ni shughuli: "Wanafunzi wajadili densiti katika vikundi." Hayo ni mambo watakayofanya kipindini. Tokeo ni kile mwanafunzi anachoweza kufanya baada ya majadiliano kwisha na wewe umeshatoka darasani.

Hatua ya pili: ongeza hali na kigezo. Mmarekani Robert Mager alipendekeza mwaka 1962 kwamba lengo la kufundishia liwe na sehemu tatu: kitendo, hali ambamo kitendo kinafanyika, na kigezo cha kusema kimefanyika vya kutosha. Miaka mingi imepita na mimi bado sijapata kipimo rahisi zaidi ya hicho. Andika nami kwenye safu ya kwanza:

"Akipewa kitu kigumu kisicho na umbo maalumu, mizani, maji na silinda ya kupimia, mwanafunzi aweze kupata densiti ya kitu hicho, jibu likiwa ndani ya asilimia 5 ya thamani sahihi."

Hali ni vile vifaa, na kwamba kitu hakina umbo maalumu. Hilo la umbo lina uzito. Ukimpa mche mraba atachukua rula, atazidisha pande tatu, na ustadi wa kutumia maji hutauona kabisa.

Sasa asilimia 5 nimeitoa wapi? Hapa nataka tukae kidogo, maana kigezo ndipo wengi tunapobahatisha. Nimeona maandalio mengi yanayosema "kwa usahihi wa asilimia 80", na ukiuliza asilimia 80 ya nini, ukimya. Kigezo kinatoka kwenye kazi yenyewe. Silinda yangu ina alama kila baada ya sentimita 1 ya ujazo. Mwanafunzi makini, anayesoma chini ya mpindo wa maji macho yakiwa usawa wake, bado anaweza kukosea nusu ya alama. Anasoma mara mbili, kabla ya jiwe na baada ya jiwe, kwa hiyo tofauti inaweza kupotoka kwa sentimita 1 nzima ya ujazo. Ujazo wa jiwe ni 60 kutoa 40, yaani 20. Moja katika 20 ni asilimia 5. Kwa jiwe hili densiti ni 54 gawanya kwa 20, sawa na 2.7 g/cm³. Ujazo ukisomwa 21, jibu ni 2.57. Ukisomwa 19, jibu ni 2.84. Basi kwenye mwongozo wa usahihishaji naandika: kubali kuanzia 2.6 hadi 2.8, baada ya kukadiria hadi nafasi moja ya desimali. Ukileta jiwe dogo la sentimita 5 za ujazo kwa silinda hiyohiyo, kosa lilelile la kusoma linakuwa moja katika tano, asilimia 20. Ukishikilia asilimia 5 hapo, utamkosesha mwanafunzi kwa kosa la kifaa. Badilisha jiwe au badilisha kigezo.

Hatua ya tatu: safu ya ushahidi. Kabla hujapanga shughuli yoyote, andika swali au kazi utakayompimia. Kwa tokeo letu, ushahidi ni kazi ya vitendo: jiwe mezani, mwanafunzi peke yake, karatasi yenye nafasi ya kuandika tungamo, usomaji wa kwanza, usomaji wa pili, ujazo na densiti. Usimpe nafasi moja tu ya jibu la mwisho. Ukiona 0.9 peke yake hujui alipotelea wapi. Ukiona usomaji wa kwanza 40, wa pili 60, ujazo 60, umeshajua: hakutoa.

Najua unachotaka kusema: darasa lina wanafunzi 48 na silinda ni nne. Tupige hesabu. Wanne kwa mkupuo ni mikupuo 12. Kila mkupuo dakika tano, jumla ni saa nzima. Kipindi kimoja hakitoshi. Unaweza kuugawa upimaji katika vipindi viwili, wengine wakifanya kazi ya daftari huku wakisubiri zamu. Unaweza pia kuchora silinda mbili kwenye karatasi, moja ya maji pekee na nyingine yenye jiwe, na darasa zima likasoma michoro kwa pamoja. Njia hiyo inafaa, lakini ukiifuata rudi safu ya kwanza ubadilishe hali iwe "akipewa michoro ya silinda na tungamo la kitu". Usiandike kwamba umepima ustadi wa mkono wakati umepima macho na hesabu. Mchoro haumwagi maji.

Hatua ya nne, ndipo sasa shughuli. Hapa utaona kwa nini nilianza na ushahidi: swali lako ni moja tu, mwanafunzi afanye mazoezi gani ili aiweze ile kazi? John Biggs, aliyeandika mwaka 1996 kuhusu ulinganifu huu wa matokeo, shughuli na upimaji, alisisitiza kwamba kitenzi cha tokeo ndicho kionekane katika shughuli na katika upimaji. Kwa hiyo pitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia kwenye karatasi yako. Tokeo: kupata densiti kwa kupima. Ushahidi: anapima. Shughuli: nikiandika "mwalimu aoneshe mbele ya darasa, wanafunzi wanukuu", kidole kinakwama. Aliyepima ni mwalimu. Naandika badala yake: wawili wawili wapime vitu vitatu tofauti, wabadilishane nafasi ya kusoma silinda, kila mmoja aandike usomaji wake kabla ya kuangalia wa mwenzake.

Lakini kitenzi kufanana hakutoshi. Tuseme tokeo ni "mwanafunzi aeleze kwa nini meli ya chuma huelea." Kwenye jaribio unauliza: "Eleza kwa nini meli ya chuma huelea." Vitenzi vimefanana, safu zimenyooka. Ila kama uliandika jibu hilo ubaoni Jumatatu na wao wakalinukuu, Ijumaa hawaelezi chochote, wanakariri. Swali lilelile linaweza kupima kumbukumbu au kupima kufikiri, kutegemea walichokutana nacho darasani. Ndiyo maana orodha za vitenzi zilizopangwa kwa ngazi mimi naziamini nusu. Dawa yake ni kubadilisha kisa: darasani mmezungumzia meli, kwenye jaribio uliza kuhusu chupa tupu ya kioo iliyofungwa kizibo, inayoelea, kisha ikajazwa maji na kuzama. Kanuni ni ileile, jibu hawajaliona popote.

Kwa mada ya vipindi vinne au vitano, matokeo matatu yananitosha. La kwanza unalo. La pili liwe la kutabiri: akipewa jedwali la densiti za vitu na vimiminika, atabiri kipi kitaelea katika kipi. Hilo halina shida, karatasi inatosha na kusahihisha ni haraka.

La tatu ndilo nililodaiwa na kile kikundi cha 0.9. Liandike hivi: "Akipewa vipimo na ukokotoaji wenye kosa, mwanafunzi aoneshe kosa lilipo, alisahihishe, na ataje jambo moja lililoonekana katika kazi hiyo linalothibitisha kwamba jibu la awali haliwezekani." Umeona vitenzi vitatu, na mimi mwenyewe nilikukataza viwili. Basi tupunguze: "akosoe ukokotoaji huo", na hayo mengine matatu yahamie kwenye mwongozo wa usahihishaji, alama moja moja. Shughuli yake: wanafunzi wabadilishane karatasi za kazi ya vitendo na kukaguana, kila jibu wakililinganisha na 1.0 g/cm³, ambayo ni densiti ya maji, na kile walichokiona silindani.

Na ushahidi wake? Usitunge mpya. Chora silinda, maji kwenye alama ya 60, jiwe limelala chini. Pembeni andika: tungamo gramu 54, usomaji wa kwanza 40, usomaji wa pili 60, ujazo 60, densiti 0.9 g/cm³. Chini yake swali: "Mwanafunzi aliyeandika haya amekosea. Kosoa kazi yake." Ukisahihisha, anza na alama ya tatu, ya yule atakayeandika kwamba jiwe limezama.