Maziwa ya soya nyumbani: protini imeingia kwenye maziwa au imebaki kwenye makapi?

Hamjambo watazamaji, karibuni jikoni kwangu hapa Nairobi. Leo tunatengeneza maziwa ya soya, lakini leo nimeweka mizani hapa kando ya sufuria, kwa sababu kila nikipika maziwa haya naulizwa swali lilelile: je, protini yenyewe haitupwi pamoja na makapi? Tutapima, tuone.

Hii hapa ni robo kilo ya soya kavu, gramu 250. Nimeinunua Nyamakima, kwenye duka la nafaka. Ukiwa dukani, chota kiganjani uitazame: unataka punje za rangi ya krimu, ngumu, zisizo na mikunjo. Soya iliyokaa ghalani muda mrefu hutoa protini kwa shida hata ukiisaga vizuri namna gani. Soya kavu kwa kawaida huwa na takriban gramu 36 za protini katika kila gramu 100, kwa hiyo hapa mezani tuna gramu 90 hivi. Shikeni hiyo 90, ndiyo tutakayoigawa.

Ioshe, iondoe mawe, kisha iloweke kwenye maji mengi. Wakati wa joto, saa 8 hadi 10 zinatosha. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa na baridi yake, mimi huiacha usiku kucha hadi saa 12 au 14. Lakini usitegemee saa peke yake. Sogeeni karibu muone. Nachukua punje moja, naipasua kwa kucha. Uso wa ndani ni bapa, na rangi ni moja kutoka ukingoni hadi katikati. Hii iko tayari. Ukiona katikati pamebonyea kidogo na pana doa la njano iliyokolea, moyo wake bado mkavu. Ukiisaga hivyo, vipande vigumu vitabaki na protini yake ndani, na hakuna kitambaa kitakachoitoa.

Sasa mwaga maji ya kulowekea, suuza, upime. Yangu imefika gramu 560. Leo nitatumia maji lita 1.7, lakini sitayamimina yote mara moja. Lita 1.4 ni za kusagia. Hizi mililita 300 naziweka pembeni, na mtaona baadaye kwa nini.

Saga kwa mafungu mawili, kila fungu dakika mbili hadi tatu, blenda ikiwa kasi ya juu. Usiwe na haraka hapa. Protini ya soya imefungiwa ndani ya chembe ndogo sana, na blenda ndiyo inayozipasua ili maji yaifikie. Chovya vidole, usugue: ukisikia chenga kama za unga wa ugali, endelea kusaga. Ukisikia kitu laini kama uji wa wimbi, simama.

Nikumbushe jambo moja hapa. Kuna wanaochemsha soya kwanza kabla ya kusaga, ili kuondoa ile harufu ya maharagwe mabichi. Harufu hupungua kweli, kwa sababu moto huua kimeng'enya kinachoileta. Nami nimewahi kufanya hivyo, dakika kumi nzima jikoni. Maziwa yalitoka mepesi kama maji ya mchele, na makapi yakawa mazito ajabu. Protini ikipata moto ikiwa bado ndani ya punje, huganda humohumo, na haitoki tena. Siku hizi nasaga ikiwa baridi, kisha napika maziwa vizuri na kuweka tangawizi.

Sasa kuchuja. Chujio la chai halifai. Tumia kitambaa cha melikani, kinyooshe juu ya sufuria, mimina, kusanya ncha zake na uanze kusokota. Kamua kwa nguvu, ukisokota kuelekea upande mmoja.

Haya, mikono imechoka na matone yamekatika. Napima makapi: gramu 480. Wengi huishia hapa, na hapa ndipo hasara ilipo. Makapi haya yameshika maji mengi, na maji yenyewe ni maziwa kamili yaliyonasa. Kwa makadirio yangu, protini iliyomo humu ni gramu 30 hivi, theluthi nzima ya tulichoanza nacho, na zaidi ya nusu yake iko kwenye hayo maziwa yaliyonasa. Iliyoshikana na nyuzi zenyewe ni kidogo kuliko hiyo.

Ndiyo maana niliweka zile mililita 300. Rudisha makapi kwenye bakuli, mimina maji hayo, koroga, acha dakika mbili, kisha kamua tena. Napima: gramu 400. Chukua donge kidogo, lifinye kiganjani: linashikana, lakini ukiligusa linavunjika, na kiganja kinabaki na unyevu tu. Hapo umekamua.

Hesabu sasa inakuja hivi: gramu 68 hivi zimeingia kwenye maziwa, na 22 hivi zimebaki kwenye makapi. Yaani robo tatu kwa robo. Maziwa yangu yanakaribia lita 1.9, kwa hiyo kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu 9. Hayo ni makadirio ya jikoni, na yako yatasogea kidogo kulingana na soya yako, blenda yako na mikono yako. Ukitaka maziwa mazito, punguza maji ya kusagia, lakini usiguse yale ya kusuuzia.

Twende kwenye moto. Tumia sufuria kubwa mara mbili ya maziwa yenyewe, na usiondoke. Kabla hayajachemka kabisa povu litapanda ghafla hadi ukingoni. Watu wengi hudhani yameiva, wanazima. Hayajaiva! Povu hilo huletwa na vitu vya asili vya soya vinavyotoa povu kama sabuni. Punguza moto, koroga kwa mwiko ukigusa chini, povu litashuka, na yaanze kuchemka kweli. Kuanzia hapo hesabu dakika 20. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaovivunja. Hapa Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa hiyo zile dakika 10 anazozisema mtu wa Mombasa, sisi tunaziongeza.

Tukirudi kwa makapi, tazameni jambo hili. Gramu 22 ndani ya gramu 400 ni zaidi ya gramu 5 katika kila 100. Maziwa yana chini ya 4. Kwa uzito uleule, makapi yana protini zaidi ya maziwa. Lakini haya yalichujwa yakiwa mabichi, kwa hiyo vile vizuizi bado vimo. Yatie sufuriani na maji kidogo, yafunike, yapike kwa mvuke dakika 20 ukigeuzageuza. Yakipoa, mimi huchanganya kikombe kimoja cha makapi na vikombe vitatu vya unga wa chapati, na napunguza maji ya kukandia kwa sababu makapi yana yake. Yanayobaki naweka friji na nayamaliza kesho yake. Yakikaa mezani mchana mmoja tu, huanza kunuka uchachu.