Kutoka Daraja Unalolitaka Hadi Alama za Kila Karatasi

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mkisikia kozi inataka jumla ya asilimia 65, mnaandika 65 mbele ya kila karatasi na kuanza kusoma. Hesabu hiyo inawapotosha. Karatasi hazilingani uzito, wala uwezo wenu haulingani katika kila karatasi.

Tuchukue somo lenye sehemu tatu. Karatasi ya kwanza ina alama 80 na inabeba asilimia 40 ya matokeo. Karatasi ya pili ina alama 100, nayo inabeba 40. Vitendo vina alama 40 na vinabeba 20. Kabla ya kupanga lolote, jiulizeni alama moja ya karatasi ina thamani gani kwenye jumla: gawanya uzito kwa alama zote za karatasi. Karatasi ya kwanza inatoa 40 ÷ 80, yaani nusu asilimia kwa kila alama. Ya pili inatoa 0.4 tu. Kwa hiyo swali la alama kumi kwenye karatasi ya kwanza linakupa 5, na kwenye ya pili linakupa 4, ingawa karatasi hizo zinaitwa sawa.

Sasa anza na kilichokwisha kujulikana. Mwanafunzi wetu anayelenga 65 amepata 30 kwenye vitendo, ambako kila alama ni 20 ÷ 40, yaani 0.5: 30 × 0.5 ni 15. Amebakiza 50 kufika 65, na karatasi mbili zilizobaki zina 80 kwa pamoja. Kwenye majaribio ya karatasi ya pili amekuwa akipata kama 68. Hiyo ni 27.2. Zinabaki 22.8 za karatasi ya kwanza. Gawanya kwa 0.5 upate 45.6. Basi lengo ni 46 kati ya 80. Kadirio hapa hupandishwa daima, kwani 45 ingemwacha kwenye 64.7.

Lakini msiishie kwenye 46, nawasihi. Pale ambapo mipaka ya madaraja hupangwa upya kila mtihani, 65 ya mwaka jana inaweza kupanda. Weka akiba, tuseme 3, ulenge 68. Akiba hiyo ukiitafuta kwenye karatasi ya kwanza ni alama 6, yaani 52. Kwenye ya pili ni alama 8. Itafuteni mahali mnapopoteza alama kwa maswali mnayoyajua, hata kama ni kwenye karatasi yenye thamani ndogo. Someni pia masharti: kama kila karatasi ina kiwango chake cha chini cha kufaulu, alama za ziada za nyingine hazitawaokoa.

Je, angepata 12 tu kwenye vitendo? Hapo ana 6, na anahitaji 59. Akibaki na 68 kwenye ya pili, karatasi ya kwanza inamdai 64 kati ya 80. Kama kwenye majaribio anapata 45, pengo ni alama 19. Afadhali alijue sasa, agawe mzigo huo kati ya karatasi zote mbili au atazame kozi inayodai kidogo kabla dirisha la maombi halijafungwa.