Picha Yako Ikitundikwa Kwenye Grupu: Mazungumzo na Akina Mama wa Mwaloni, Kirumba

Shikamooni mama zangu, na wengine habari za mchana. Najua dagaa hawasubiri, kwa hiyo naanza na mfano.

Ijumaa jioni, mtu anatundika picha yako kwenye grupu la WhatsApp la kikoba, chini kaandika "mdaiwa sugu". Deni ulishalipa. Wengi wetu tungejibu hapo hapo kwa hasira. Subiri kidogo. Ukijibu kwa kuinukuu picha, unaishusha chini tena, na hata waliokuwa hawajaiona wanaiona.

Kwanza piga skrinshoti inayoonyesha jina la grupu, namba ya aliyetuma, maneno yake, tarehe na saa. Usiikate pembeni. Picha ikishafutwa kinabaki kijimstari tu kwamba ujumbe umefutwa, na kijimstari hakimshawishi askari.

Kisha mwandikie admini faraghani: "Kaka, habari. Picha yangu iliyotumwa Ijumaa saa moja jioni imewekwa bila ridhaa yangu, na deni nililimaliza. Naomba uifute kwa wote leo. Risiti ninayo." Inatosha, wala usimtukane. Admini anao uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote: anaibonyeza picha kwa muda, anagusa alama ya kufuta, anachagua Delete for everyone. Akichagua Delete for me, imefutika kwake tu. Ndiyo maana wengine huapa wamefuta na picha bado ipo. Thibitisha kwenye simu ya mwenzako. Aliyetuma naye anaweza kuifuta, ila ana takribani siku mbili tu. Waliokwisha kuihifadhi au kuisambaza, kitufe hicho hakiwafikii. Mwombe admini awaambie waiache.

Akikataa, fungua taarifa za grupu uone kama kuna admini mwingine. Mara nyingi yupo, na pengine ndiye mwenye busara. Wakati huohuo ubonyeze ule ujumbe, uchague Report. Mimi siitegemei sana hatua hiyo, ila haina gharama.

Ikibidi, nenda polisi na skrinshoti pamoja na simu yenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inagusa ujumbe unaotumwa kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia. Nia ndiyo itakayobishaniwa, kwa hiyo lile ombi lako la adabu na jibu lake la kukataa ni ushahidi pia. Uchukue namba ya RB. Kama grupu linaendeshwa na kampuni ya mikopo, ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022.

Mama pale nyuma kauliza kama ajitoe kwenye grupu. Bado, mama. Ukitoka, hutaona kama imefutwa wala kama imetundikwa tena. Zima mlio wake, ubaki.